Mbuzi wa Suluhu Hakuchinjwa

Lilikuwa neno moja tu, na Penina alilisema mchana kweupe, mbele ya watu saba waliotoka kanisani.

"Nilianguka."

Ilikuwa Jumapili ya mwezi Agosti, wakati upepo unapochota vumbi la kitongoji cha Mkonze na kulimwaga penye chakula. Watu walikuwa wameketi uwanjani kwa kaka yake, Matonya, kwenye mabenchi mawili na ndoo zilizopinduliwa. Matonya alikuwa amemaliza kueleza, na alieleza bila kupamba. Kwamba Jumatano alipita kwa dada yake kumpelekea unga wa uwele, akamkuta ameketi jikoni, mkono wa kushoto umevimba kuanzia kiwiko hadi vidole. Kwamba alimpeleka hospitali na kanga ile ile aliyokuwa ameivaa, kisha akamleta hapa kwake. Kwamba haikuwa mara ya kwanza. Na kwamba aliyemfanya hivyo ni yule pale aliyevaa shati jeupe, shemeji yake, Lameck.

Baba mdogo Elisha, aliyekuwa akiongoza kikao, alimgeukia Penina. "Mwanangu, umesikia maneno ya kaka yako. Ni kweli?"

Penina aliinua uso. Alikusudia kumtazama mzee, lakini macho yalipita yakatua kwa Lameck. Lameck alikuwa amekonda kwa siku nne tu. Midomo ilimkauka. Alikuwa akimtazama kama mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima kwa vidole, akisubiri kuona kama atavutwa au ataachwa. Ndipo lile neno likatoka.

"Nilianguka, baba. Bafuni kwetu pana utelezi. Kaka ana hasira zake na Lameck, za siku nyingi."

Wifi yake, Loisi, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliacha mikono hewani. Matonya alielekeza kidole kwenye kona ya ua, ambako mbuzi mdogo dume, mweupe mwenye masikio meusi, alikuwa amefungwa kwenye kigingi.

"Kama alianguka, yule mbuzi ni wa nini?"

"Matonya, usilete ubishi," alisema Elisha.

"Sileti ubishi, baba. Nauliza nielimike. Mtu akiteleza bafuni, mumewe ndiye hutoa mbuzi? Au mbuzi kaletwa na bafu?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Kila mmoja alijua mbuzi yule alikuwa wa nini. Katika ukoo wao, mume aliyemkosea mkewe huja ukweni na mbuzi. Mbuzi akichinjwa na nyama ikaliwa na pande zote mbili, kesi imekwisha, hakuna wa kuifukua. Mara mbili huko nyuma Lameck alikuwa ameleta mbuzi, na mara mbili walikuwa wamekula.

"Huyu simchinji," alisema Matonya. "Nitamlisha. Kesi iko palepale ilipo. Siku utakayorudi, Penina, utamkuta."

Penina aliondoka nyuma ya pikipiki ya Lameck, mkono ulioumia ukining'inia kwenye kitambaa, ule mzima ukimkumbatia mumewe kiunoni. Alijua wanamtazama. Alijua amemfanya kaka yake mwongo mbele ya wazee. Lakini yaliyokuja kumchoma baadaye, kila alipoyakumbuka, hayakuwa hayo. Yalikuwa furaha. Walipopita reli, akalaza shavu kwenye mgongo wa Lameck, alikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yake.

*

Penina alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani pa duka la vitambaa la Bi Shenaz, katikati ya mji, ubavuni mwa cherehani ya Amina, mjane wa Kondoa mwenye sauti kubwa na huruma nyingi. Wateja walinunua kitambaa ndani, wakatoka nje kupimwa. Penina alipima na kuandika kwenye daftari lenye jalada gumu: jina, tarehe, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Daftari lilikuwa la duka, hata yeye akijishonea nguo yake alijiandika humo kama mteja mwingine yeyote.

Na alijishonea mara nyingi, kwani Lameck alimnunulia vitenge. Alikuja mwenyewe, mikono bado ina weupe wa vumbi la alumini, maana kazi yake ilikuwa kufunga madirisha kwenye majengo mapya ya Mtumba. Alimwamkia Bi Shenaz kwa heshima zote, akachagua polepole, akigusa kila jora, akiuliza ipi haichuji.

"Weeh Penina," Amina alikuwa akisema, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Huyo mumeo hana mdogo wake? Hata kama ni kibogoyo, nitamtafunia."

Watu walicheka, na Penina naye alicheka. Aliupenda wivu ule. Aliuvaa kabla ya kitenge chenyewe.

Ambacho Amina hakukiona ni kwamba kitenge hakikuja siku yoyote tu. Kilikuja siku ya pili au ya tatu baada ya ugomvi.

Mara ya kwanza ilikuwa kofi moja, mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sababu ya simu ambayo hakuipokea. Penina alipigwa na butwaa kuliko maumivu. Lakini aliyepiga magoti ni Lameck. Alilia, na si machozi ya kuigiza. Penina aliyaonja, yalikuwa na chumvi. Lameck alimwosha uso mkewe kwa maji ya uvuguvugu. Akasimulia habari ambayo hakuwahi kumsimulia mtu, ya baba yake na mkanda, na chini ya kitanda alikojificha. Usiku ule Penina alijiona mtu pekee duniani aliyekabidhiwa ufunguo wa mwanamume huyu. Asubuhi alipikiwa uji. Baada ya siku mbili kikaja kitenge cha kijani. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa tamu hivi kwamba alijiuliza kama lile kofi halikuwa mlango tu.

Kisha utamu ukapungua, taratibu, kama maji kwenye simtanki lenye ufa. Lameck akaanza kujibu kwa neno moja. Penina akajifunza kusoma mlio wa pikipiki: ikizimwa getini kwa upole, pana amani, ikiingizwa hadi ukutani, achunge ulimi. Alijifunza mlenda uwe mzito kiasi gani, redio iwe juu kiasi gani. Kila siku ambayo hakikutokea kitu alijipongeza, na kila kilipotokea alijilaumu yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akihesabu hatua. Mashoga zake wakapungua mmoja mmoja. Lameck hakuwapenda, na yeye alichoka kutunga maelezo. Mwishoni akawa na mtu mmoja tu wa kumliza na kumbembeleza, na mtu huyo alikuwa yule yule.

Hilo ndilo ambalo hangeweza kumweleza Matonya hata kwa kuapa. Kwamba alipoumizwa, mwili wake wote ulimwitia aliyemuumiza. Alitetemeka, moyo ukapiga, pumzi ikakata. Na mkono uliokuja kuyatuliza yote hayo ulikuwa wa Lameck. Ulipotua kichwani pake, alitulia kama mtoto aliyepatikana sokoni. Utulivu ule ulikuwa mkubwa kuliko raha yoyote aliyoijua, akauita mapenzi, angeuitaje? Wanaume wema wa mashoga zake walionekana wamepooza. Hakuna aliyewahi kumlilia mkewe vile.

Na kulikuwa na jambo moja baya zaidi, ambalo hata yeye mwenyewe alilitazama kwa pembeni. Kungoja kulimshinda. Ile wiki ya mwisho, hewa ya nyumbani ikikaza kama ngozi ya ngoma, alishindwa kula. Basi mara nyingine aliichokoza yeye. Alisema neno alilojua litawasha. Alisema ili lipite, ili jioni iishe, ili kesho Lameck arudi kuwa yule wa maji ya uvuguvugu. Alikuwa ameinunua huruma kwa mwili wake na kuiona nafuu.

*

Miezi kumi ilipita tangu kikao cha Mkonze. Penina hakwenda kwa kaka yake hata mara moja. Krismasi alidai anaumwa. Loisi alimpigia simu siku moja, wakaongea habari za mvua, kisha akasema kama kwa bahati, "Yule mbuzi amenenepa." Penina akasema mtandao unakatika.

Mwezi Juni iliingia oda ya sare za harusi, magauni kumi na manne ya kitambaa kimoja. Bi Shenaz, mama wa miaka sitini aliyezaliwa hapo hapo juu ya duka, alichukua daftari ili ahesabu mita. Alikuwa akitafuta vipimo vya mteja fulani wa zamani. Alipekua mbele, akarudi nyuma, akapekua tena, akavua miwani, akaivaa.

"Penina, njoo ndani kidogo."

Penina aliingia. Siku ile alikuwa amevaa mikono mirefu, na joto lilikuwepo.

"Huyu mteja," alisema Bi Shenaz, akilaza kidole kwenye ukurasa, "anaumwa nini?"

Penina aliinama. Lilikuwa jina lake. Bi Shenaz alikuwa ameweka vipande vya karatasi kwenye kurasa zote zenye jina lile, na sasa alizifungua moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anavyomwonyesha mteja majora. Kumi na moja. Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini, nyonga arobaini na mbili. Kifua thelathini na saba. Kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na nane. Mwisho kabisa, mwezi uliopita: thelathini na nne, ishirini na sita, thelathini na saba. Na kwenye mstari wa mkono: mkono mfupi, mkono mfupi, hadi kiwiko, robo tatu, mrefu, mrefu, mrefu na kola ya kufunga shingo.

Yote kwa mwandiko wake mwenyewe. Alijipima mwenyewe kwa futi yake, akaandika, akapunguza kitambaa, akashona, na hakuwahi kusoma.

"Mimi ni mfanyabiashara, mwanangu," alisema Bi Shenaz. "Mumeo mteja mzuri, hapunguzi bei. Miaka minne nimempokea kwa bashasha. Nimeiona mikono ya nguo zako inarefuka, nikafunga kitambaa kwenye mfuko, nikasema karibu tena." Alifunga daftari. "Na mimi naona aibu. Usidhani ni wewe peke yako."

Penina alitaka kusema alianguka. Neno lilikuwa tayari kinywani, limezoea njia. Lakini nguo kumi na moja haziwezi kuteleza bafuni. Alisimama, akasikia uso ukiwaka hadi masikioni, na kupitia mlangoni akamwona Amina, uzi mdomoni, hatanii.

"Naomba hizo kurasa," alisema mwishowe.

Bi Shenaz hakuuliza za nini. Alizichana kwa rula, moja moja, zisije zikararuka.

Alipotoka kazini hakugeukia nyumbani.

*

Matonya alikuwa akitengeneza uzio alipomwona anaingia uani. Penina alikuwa ameandaa maneno njia nzima. "Shikamoo kaka" ndilo pekee lililotoka.

"Marahaba. Umekula?"

Ni hilo tu. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Loisi alimtandikia kitanda chumba cha watoto. Kwenye kona ya ua, mbuzi mweupe mwenye masikio meusi, sasa beberu mwenye pembe na harufu yake, alitafuna bila kumjali.

Penina alifikiri atalala. Badala yake aliugua, na hakikuwa kidonda cha kuonekana. Siku ya kwanza tumbo lilikataa chakula. Siku ya pili alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Simu iliingiza ujumbe: *Mke wangu sijala. Ni wewe tu unayenijua. Nimekununulia kile cha zambarau.* Saa moja baadaye: *Hata mbwa hatakuokota.* Na kabla hajamaliza kulia: *Nisamehe, ni uchungu.* Kila simu ilipotikisika, moyo uliruka kwa hofu na kwa tamaa pamoja, asijue ipi ni ipi.

Akili nayo ikamsaliti. Ilimletea uji, maji ya uvuguvugu, mgongo wa Lameck kwenye pikipiki. Mkono uliovimba haukuja hata aliposhurutisha. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, Loisi alimkuta barabarani, ana mkoba begani, anatazama upande wa mjini.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Sijui. Nahisi nitakufa."

"Basi kaa hapa ufe nikikuona," alisema Loisi, akaketi juu ya jiwe, akavuta kanga ifunike magoti. "Mimi sina kazi."

Penina akacheka, cheko lililogeuka kuwa kilio, na wakakaa pale mpaka kivuli cha nguzo ya umeme kikawafikia.

Jioni ile alizitoa zile kurasa. Aliomba kalamu kwa Matonya. Chini ya kila tarehe akaandika kilichotokea siku mbili kabla. Si kitenge, kitenge alikikumbuka bila msaada. Aliandika kisa chake. *Kofi, simu. Kusukumwa mlangoni. Alinikaba, nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya oda.* Kwenye ukurasa wa saba aliandika kisha akakata, kisha akaandika tena: *Nilimchokoza mimi ili liishe.* Alitazama mstari huo kwa muda mrefu. Halafu akampa kaka yake karatasi zote, akageuza uso ukutani wakati anasoma.

Matonya alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika wa saba, kidole kilisimama.

"Hili nalo uliliogopa kunionyesha?"

"Ndiyo."

"Mtu aliyefungiwa chumba kinachojaa moshi," alisema, akitafuta maneno, "akivunja dirisha, hajachoma nyumba yeye." Akakunja karatasi. "Lakini mimi ulinivua nguo, Penina. Mbele ya baba mdogo. Kanisani bado wananiita mgombanishi."

"Najua, kaka."

"Sawa. Nilitaka tu ujue kwamba najua kwamba unajua."

*

Lameck alikuja Jumapili, pamoja na baba mdogo Elisha. Watu walikuwa wale wale wa mwaka jana, isipokuwa wachache. Shati lile jeupe. Hakuleta mbuzi mwingine. Alileta kitenge cha zambarau kwenye mfuko wa duka, akakiweka mapajani kwa Penina, na palepale uwanjani akapiga magoti. Alilia. Penina alijua machozi yale ni ya kweli. Hilo ndilo lililomponza siku zote; alidhani machozi yakiwa ya kweli, basi na kesho ni ya kweli.

"Mke wangu, twende nyumbani. Waambie. Waambie mimi na wewe ni nini."

Mwili wake wote ulikuwa umekwisha kusimama. Ni miguu tu iliyokuwa bado.

"Baba mdogo," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaikohoa, akaanza upya. "Shikamoo. Mwaka jana uliniuliza swali hapa, nikakujibu uongo. Sikuanguka. Kaka alisema kweli yote. Mimi ndiye niliyedanganya, mbele yenu, na baada ya ibada." Alihisi uso ukimwaka, akaona wifi yake, akaona jirani aliyekohoa mwaka jana, leo hakohoi. "Na sikumdanganyia kwa kuogopa tu. Nilimtaka. Hata sasa hivi namtaka. Lakini sirudi."

Elisha aliinamisha kichwa. Lameck alinyanyuka, machozi yamekauka mara moja kama yaliyofutwa na mtu mwingine. "Umefundishwa hayo."

Penina aliweka kitenge kwenye benchi, akaenda kona ya ua, akafungua kamba kigingini. Beberu alivuta, mzito kuliko alivyodhani. Alimburuta hadi katikati ya uwanja, akamkabidhi Lameck kamba. Hakukuwa na haja ya kueleza. Mbuzi wa suluhu akirudishwa mzima, hakuna suluhu.

Lameck aliondoka na mbuzi na kitenge. Nje ya uzio alijaribu kumpakia beberu nyuma ya pikipiki. Alizungusha kamba, mbuzi akaruka chini. Akazungusha tena, fundo likafumuka. Kwa miaka minne na zaidi, Penina ndiye aliyemfungia mizigo ile pikipiki, vioo, fremu, magunia, kwa fundo alilojifunza kwa baba yake, lisilolegea kwenye rasta wala tuta lolote la barabarani. Alimwona anahangaika, shati jeupe limechafuka, na vidole vyake vikaanza kusogea vyenyewe. Ingechukua dakika moja. Angemfungia tu, akarudi.

Alienda kibarazani kwa Loisi, akavuta ungo wa uwele, akachomeka mikono yote miwili ndani ya nafaka hadi vifundoni, akaiacha humo. Huko nje mbuzi alilia, Lameck alitukana, pikipiki ikawaka, ikazima, ikawaka. Loisi alisogeza ungo kidogo apate nafasi, akaendelea kuchagua mawe.